Mipaka Hufuata Kigeu Chake

Hotuba kwa wanafunzi wa kidato cha 5 na cha 6 na walimu wao, Tanga

Walimu wenzangu, wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja kutusikiliza, nanyi vijana mliojaza ukumbi huu: shikamooni wote mnaostahili shikamoo, na wadogo zangu, hamjambo?

Waandaaji walinipa mada pana, integrali. Nimewaomba ruhusa niichukue hatua moja tu ndani yake, na wamenikubalia. Hatua yenyewe ni hii: tunapobadili kigeu katika integrali yenye mipaka, tukaiacha x na kuanza kutumia u, ile mipaka iliyoandikwa chini na juu ya alama ya integrali inakuwaje? Wengi wenu mmefundishwa kufanya kazi yote kwa u, kisha mwishoni kuirudisha x mahali pake na ndipo mtumie mipaka ya zamani. Njia hiyo ni sahihi. Lakini iko nyingine, ya kuibadili mipaka papo hapo mnapobadili kigeu na kutomrudia x tena. Nataka mwondoke hapa mkiijua njia hii kwa sababu zake, maana anayeijua kwa kukariri tu kuna mahali itamwangusha.

Tuanze ubaoni.

∫₀³ x/√(x + 1) dx

Kinachotusumbua ni ile x + 1 iliyo ndani ya kipeuo. Tunaipa jina lake: u = x + 1. Kwa hiyo x = u − 1, na dx = du. Sehemu ya juu inakuwa u − 1, ya chini √u, na tukigawanya tunapata √u − 1/√u. Hii kila mtu humu anaweza kuiintegreti:

(2/3)u√u − 2√u

Sasa tazameni kinachotokea mwanafunzi akiisahau mipaka. Karatasi yake bado ina 0 chini na 3 juu, naye anaziweka namba hizo ndani ya u. Kwa u = 3, kipande cha kwanza ni (2/3) × 3√3, yaani 2√3. Cha pili ni 2√3. Tofauti yake ni sifuri. Kwa u = 0 vipande vyote ni sifuri. Jibu lake: 0.

Nimeuchagua mfano huu kwa makusudi, kwa sababu jibu lake la uongo ni safi mno. Mwanafunzi aliyepata desimali mbaya huenda akarudi kukagua, lakini aliyepata sifuri iliyojipanga vizuri namna hii ataipigia mstari na kwenda swali linalofuata. Hebu sasa tuitazame ile fankisheni yenyewe. Pale x inapokuwa 0, thamani yake ni 0. Kuanzia hapo ni chanya wakati wote, na inapanda mpaka x inapofika 3, ambapo ni 3/2. Mchirizo wake wote uko juu ya mhimili. Eneo lililo chini yake haliwezi kuwa sifuri. Kosa limejulikana kabla hatujagusa hesabu upya, na ningependa kila mmoja wenu awe na mazoea hayo ya kuitazama fankisheni kwanza na kujiuliza jibu linapaswa kuwa la ukubwa gani.

Tuifanye sawasawa. Tulisema u = x + 1. Basi x inapokuwa 0, u ni 1. x inapokuwa 3, u ni 4. Safari ya x kutoka 0 hadi 3 ni safari ya u kutoka 1 hadi 4:

∫₁⁴ (√u − 1/√u) du

Kwa u = 4 tunapata 16/3 − 4, yaani 4/3. Kwa u = 1 tunapata 2/3 − 2, yaani −4/3. Tukitoa, jibu ni 8/3. Je, linaaminika? Upana wa eneo letu ni 3, kwa hiyo urefu wa wastani ni 8/9, chini kidogo ya 1, kwa fankisheni inayopanda kutoka 0 hadi 1.5. Linaaminika.

Na yule anayerudi kwa x? Ataandika (2/3)(x + 1)√(x + 1) − 2√(x + 1), kisha ataweka 3 na kupata x + 1 = 4, ataweka 0 na kupata x + 1 = 1. Mnaona? Amelazimika kuzipata zile zile 4 na 1. Sisi tumezipata mapema, wakati fomula ikiwa fupi; yeye amezipata mwishoni, baada ya kuandika upya mstari mrefu wenye mabano mengi. Hesabu ni ile ile. Hii ndiyo sababu nasema kubadili mipaka si ujanja wa kukwepa kazi: ni kufanya kazi ile ile pale inapokuwa nyepesi.

Sababu ya ndani iko katika ile kanuni kuu mnayoijua. Tuseme F ni fankisheni ambayo derivativi yake ni f. Basi derivativi ya F(g(x)) kwa kanuni ya mnyororo ni f(g(x)) × g′(x). Kwa hiyo integrali ya f(g(x)) g′(x) kuanzia x = a hadi x = b ni F(g(b)) − F(g(a)). Sasa ichukueni f(u) peke yake na muiintegreti kuanzia u = g(a) hadi u = g(b). Mtapata nini? F(g(b)) − F(g(a)). Pande mbili zimefika kwenye namba ile ile. Kanuni inadai g′ iwe na mwendelezo kati ya a na b, na f iwe na mwendelezo katika thamani zote ambazo g inazipitia. Yawekeni akilini masharti hayo mawili. Nitayarudia, maana kuna mfano unaoyavunja na adhabu yake mtaiona.

Kabla ya kuendelea, neno moja kuhusu uandishi. Kuna mwanafunzi anayekusudia kurudi kwa x mwishoni, lakini katikati ya kazi anaandika ∫₀³ (√u − 1/√u) du. Jibu lake la mwisho litatoka 8/3 kwa sababu alirudi. Hata hivyo mstari ule wa katikati ni uongo: umesema kwamba u inatoka 0 hadi 3, na tumeona thamani ya mstari huo ni 0. Mtu hawezi kuandika alama ya usawa kati ya 8/3 na 0 kisha akasema alikuwa na nia nzuri. Kama mnakusudia kurudi, andikeni mipaka kwa jina lake, x = 0 chini na x = 3 juu, au tafuteni kwanza integrali isiyo na mipaka pembeni, kisha mje na matokeo. Walimu, naomba tulikazie hili. Makosa mengi ya mitihani huzaliwa katika mstari huo wa katikati, kwa sababu mtoto akishauandika, macho yake yanaziona 0 na 3 na mkono unaziweka ndani ya u.

Na kwa kweli alama yenyewe haikuzaliwa na mipaka. Leibniz alianza kuiandika ile herufi ndefu ya integrali mwaka 1675. Kuweka mpaka wa chini na wa juu kwenye alama yenyewe, kama tunavyofanya leo, kulienea kutokana na Fourier, hasa kitabu chake cha nadharia ya joto cha 1822. Kati ya miaka hiyo watu walieleza mipaka kwa maneno, wakitaja kigeu: kutoka x fulani hadi x fulani. Sisi tumerithi uandishi mfupi wa Fourier, na kwa ufupi huo jina la kigeu limebaki mahali pamoja tu, katika dx. Kwa hiyo dx ikigeuka du, mipaka iliyo kwenye alama inasomwa kuwa ya u, mtake msitake.

Sasa twendeni baharini, maana tuko Tanga na hili nataka mlione kwa maji.

Kila aliyekulia Sahare, Raskazone au Kigombe anajua kwamba maji hayapandi kwa kasi moja. Yakishakupwa kabisa, mwanzoni yanajikokota. Kisha yanakuja mbio. Karibu na kujaa yanapoa tena. Kutoka kupwa hadi kujaa ni saa 6 na dakika kama 12. Tuseme saa 6 ili hesabu iwe nyepesi. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, tofauti kati ya maji kupwa na kujaa hapa kwetu hufika mita 3 hivi. Mfano rahisi wa kasi ya kupanda, kwa mita kwa saa, ni huu, t ikiwa ni saa tangu maji yalipokupwa:

(π/4) sin(πt/6)

Kiasi maji yalichopanda kwa saa zote 6 ni integrali ya kasi hiyo, t kutoka 0 hadi 6. Tunabadili kigeu: θ = πt/6. Basi dθ = (π/6) dt, yaani dt = (6/π) dθ. Tukizidisha π/4 kwa 6/π tunapata 6/4, yaani 1.5. Imebaki:

1.5 ∫ sin θ dθ

Mipaka je? t = 0 inatupa θ = 0. t = 6 inatupa θ = π. Integrali ya saini ni kosaini yenye alama hasi, hivyo tunapata 1.5 × (−cos π + cos 0), yaani 1.5 × 2. Mita 3. Ndiyo bamvua yetu.

Na aliyeiacha 6 mahali pake? Atapata 1.5 × (1 − cos 6). Kosaini ya radiani 6 ni 0.960, kwa hiyo jibu lake ni takribani mita 0.06. Sentimita 6! Bahari ya Tanga, siku ya bamvua, ipande sentimita 6 kutoka kupwa hadi kujaa. Hakuna mtoto wa pwani atakayelikubali jibu hilo, na ndiyo maana naupenda mfano huu. Kosa lenyewe linaonekana hata bila kumaliza hesabu: ile 6 ni saa, na θ ni pembe. Kosaini ya saa 6 ni kitu kisichokuwepo. Mnapokuwa na swali la fizikia au la kazi yoyote yenye vipimo, ulizeni mpaka huu unapimwa kwa nini, na kigeu kilicho ndani kinapimwa kwa nini. Vikitofautiana, simameni hapo hapo.

Lakini subirini, maana mfano huu una kitu kingine ndani yake ambacho anayerudi kwa t hakioni. Tukiishi ndani ya θ, tunaweza kuigawa safari. Saa 2 za kwanza ni θ kutoka 0 hadi π/3. Kosaini ya π/3 ni nusu, hivyo maji yamepanda 1.5 × (1 − 0.5), yaani mita 0.75. Saa 2 za katikati ni θ kutoka π/3 hadi 2π/3, ambapo kosaini inatoka 0.5 hadi −0.5; maji yamepanda 1.5 × 1, yaani mita 1.5. Saa 2 za mwisho tena mita 0.75. Robo, nusu, robo. Nusu nzima ya maji inaingia katika theluthi ya katikati ya muda. Mvuvi analijua hilo kwa miguu yake, anapoona mwamba aliousimamia umefunikwa ghafla.

Na angalieni: robo, nusu na robo hazikutegemea mita 3 wala saa 6. Siku za maji mafu, bahari ikipanda kidogo tu, namba ya nje itapungua, lakini integrali ya saini kutoka 0 hadi π itabaki kuwa 2. Mkitaka kuwa waangalifu zaidi na kutumia saa 6 na dakika 12, basi θ = πt/6.2, na mpaka wa juu, t = 6.2, unatua pale pale kwenye π. Mipaka mipya inatuambia tuko wapi katika safari ya maji kutoka kupwa hadi kujaa, saa iwe ngapi. Huo ni uelewa, na tumeupata kwa sababu tulikubali kukaa ndani ya kigeu kipya.

Mwalimu mmoja aliniuliza kabla hatujaanza: je, kuna wakati ni heri kurudi? Upo. Mtu akikuuliza maji yamepanda kiasi gani baada ya saa t yoyote, anataka fomula yenye t ndani yake. Unaweza kubadili mpaka wa juu uwe πt/6, na utapata 1.5 × (1 − cos(πt/6)). Mnaona t imerejea yenyewe kupitia mpaka. Na mkipewa fankisheni moja yenye mipaka mingi tofauti ya kukokotoa, tafuteni integrali kwa x mara moja, kisha muitumie mara nyingi. Kwa jozi moja ya mipaka, badilini mipaka.

Sasa niseme kwa haraka kuhusu mipaka inayogeuka juu chini. Chukueni ∫₀¹ x(1 − x)¹⁰ dx. Hakuna anayetaka kufungua kipeo cha 10. Tunaweka u = 1 − x, hivyo x = 1 − u na dx = −du. Pale x ni 0, u ni 1. Pale x ni 1, u ni 0. Mpaka wa chini ni 1 na wa juu ni 0, na ndivyo unavyopaswa kuandikwa, hata kama jicho linaona vibaya. Chini ni pale safari inapoanza. Haikusemwa popote kwamba chini lazima iwe namba ndogo. Mkitaka kuipindua mipaka mnaruhusiwa, kwa malipo ya alama moja ya kutoa, na alama hiyo inakutana na ile ya −du, zinafutana. Inabaki integrali ya u¹⁰ − u¹¹ kutoka 0 hadi 1, yaani 1/11 − 1/12, ambayo ni 1/132. Anayeipanga mipaka kwa mazoea, ndogo chini na kubwa juu, huku −du yake bado ipo, atapata −1/132 kwa fankisheni isiyokuwa hasi hata mahali pamoja.

Sasa nafika kwenye sehemu iliyonifanya niombe mada hii. Je, u inaruhusiwa kwenda na kurudi? Wengi wanadhani hapana, kwamba lazima u ipande tu au ishuke tu. Tazameni hii:

integrali ya 2x/(x² + 1) dx, x kutoka −1 hadi 2

Tunaweka u = x² + 1, du = 2x dx. x ikiwa −1, u ni 2. x ikiwa 2, u ni 5. Njiani u ilishuka kutoka 2 hadi 1, pale x ilipopita kwenye sifuri, kisha ikapanda kutoka 1 hadi 5, ikaipita 2 mara ya pili. Tunahofu? Hapana. Integrali ya 1/u kutoka 2 hadi 5 ni ln 5 − ln 2, kama 0.916, na ni sahihi. Alichoshuka u kutoka 2 hadi 1 kilifutwa alipopanda tena kutoka 1 hadi 2. Rudieni ule uthibitisho wa F(g(b)) na F(g(a)): haukuuliza popote g ilipita njia gani. Ulitaka mwanzo na mwisho, na mwendelezo katikati.

Sasa chukueni x² dx kutoka −1 hadi 1. Mnajua jibu ni 2/3. Mtu akaamua kuweka u = x². Mipaka: x ikiwa −1, u ni 1; x ikiwa 1, u ni 1. Kutoka 1 hadi 1. Anaandika sifuri. Kwa nini hapa imekataa na pale imekubali, ilhali u ni ya namna ile ile? Tofauti ni hii. Pale 2x dx ilikuwepo tayari ndani ya swali, ikageuka du nzima, na hatukuhitaji kumtafuta x. Hapa haipo. Ili kuipata du inabidi dx iwe du/(2x), na x iliyobaki inabidi iandikwe kwa u. Anaandika x = √u. Hapo ndipo alipojikwaa, maana kati ya −1 na 0 x ni hasi, yaani x = −√u. Ametumia fomula moja kwa safari yenye nusu mbili.

Dawa ni kuikata safari pale u inapogeuka. Kuanzia x = −1 hadi 0, u inatoka 1 hadi 0, x ni −√u, na x² dx inakuwa −(1/2)√u du. Mipaka inashuka na alama ni hasi, hivyo tunapata 1/3 chanya. Kuanzia 0 hadi 1, u inatoka 0 hadi 1, x ni √u, na tunapata 1/3 nyingine. Jumla 2/3. Kwa hiyo swali la kujiuliza kila mara ni hili: je, g′(x) dx iko yote ndani ya swali, au nimelazimika kumwandika x kwa u? Kama nimelazimika, je, fomula niliyoiandika inamfaa x katika safari yake yote? Alama ya kipeuo ikitokea, au mkiona mipaka miwili mipya imelingana ilhali fankisheni ni chanya, rudini mkague hapo.

La mwisho ni lile nililoahidi, la masharti kuvunjwa. Vijana wa kidato cha 6 mnapenda kuweka u = tan x. Chukueni integrali ya 1/(1 + sin²x), x kutoka 0 hadi π. Kabla ya yote, tuikadirie. Mraba wa saini hautoki nje ya 0 na 1, hivyo fankisheni yetu iko kati ya 1/2 na 1 wakati wote. Upana ni π. Kwa hiyo jibu haliwezi kuwa chini ya 1.57 wala kupita 3.14. Liandikeni hilo pembeni.

Tunagawanya juu na chini kwa cos²x. Juu kunakuwa 1/cos²x, ambayo pamoja na dx ni du kamili. Chini kunakuwa 1 + 2tan²x, yaani 1 + 2u². Kazi safi. Mipaka: tan 0 ni 0, tan π ni 0. Kutoka 0 hadi 0. Sifuri tena!

Safari hii hakuna kipeuo kilichotudanganya, na du ilikuwepo yote. Na msidhani kurudi kwa x kungetuokoa. Anayerudi anapata (1/√2) arctan(√2 tan x), anaweka π, anapata 0, anaweka 0, anapata 0. Njia zote mbili zimeanguka shimo moja, kwa sababu shimo haliko katika mipaka. Liko katikati ya safari, pale x = π/2. Hapo tanjenti haipo. Ikikaribia π/2 kutoka kushoto inapanda bila mwisho, na ng'ambo ya pili inaanzia chini kabisa, upande hasi. Kanuni ilidai mwendelezo kati ya a na b, nasi tumeivuka sehemu iliyokatika kana kwamba ni nzima.

Tunaikata basi hapo hapo. Kuanzia 0 hadi π/2, u inatoka 0 na kwenda ∞. Integrali ya 1/(1 + 2u²) ni (1/√2) arctan(√2 u), na arctan inakaribia π/2 pale u inapokua bila mwisho. Kipande cha kwanza ni π/(2√2). Kuanzia π/2 hadi π, u inatoka −∞ na kuja 0, na kwa ulinganifu tunapata π/(2√2) nyingine. Jumla ni π/√2, takribani 2.22, ndani ya ile 1.57 na 3.14 tuliyoiandika pembeni.

Ninayoomba muifanyie kazi wiki hii ni ndugu yake: integrali ya 1/(2 + cos x), x kutoka 0 hadi 2π, kwa u = tan(x/2). Kadirieni kwanza; mtaona jibu liko kati ya 2π/3 na 2π. Kisha tafuteni x/2 inapita wapi mahali ambapo tanjenti imekatika, mkate hapo, na mbadili mipaka ya kila kipande. Mkifanya sawasawa mtapata 2π/√3. Karatasi zenu mpeni mwalimu wenu, nami nitazisoma zote.